Kwa Mama, Uliyesema Hata Wewe Ungeweza Kuyasema

Mama yangu,

Shikamoo. Nimezoea kuitikiwa "marahaba baba" kabla sijamaliza neno, ndiyo maana hata kwenye karatasi nasita kidogo baada ya salamu. Usinicheke. Nyumba ya Kanyenye ni ile ile, mlango wa uani bado unagoma masika, na sukari bado ni ya foleni. Sikuoa. Ulinisema sana kwa hilo na ulikuwa na haki, maana nikirudi jioni kutoka shuleni hakuna wa kunigombeza kwamba nimechelewa.

Nakuandikia kwa sababu ya jambo lililonipata Ramadhani hii. Lakini siwezi kulieleza bila kuanza na siku ile ya barazani, na najua watakaosoma barua hii hawakukujua, kwa hiyo univumilie nikirudia unayoyajua.

Ulizaliwa Isikizya, Mnyamwezi wa kutoka pande zote mbili. Babu yako alibeba pembe mpaka pwani pamoja na misafara, akarudi na kofia, bismillahi, na maneno kumi ya Kiarabu aliyoyatumia vibaya mpaka alipokufa. Wewe ulikuja hapa Tabora mjini kuolewa na baba. Alipofariki ulibaki na mimi, na kazi yako ya kutunga shanga. Hakuna bibi harusi wa Kanyenye aliyekwenda kwa mumewe bila kitu kutoka mkononi mwako, hata akina mama wale waliokuita "wa kuja" ingawa ulikuwa umeshaishi mjini muda mrefu kuliko baadhi yao.

Na ulilia. Hilo ndilo lililokuwa maarufu kwako. Kila darsa, hasa la Ramadhani, akina mama nyuma ya pazia, Maalim Hamadi akisoma Kiarabu kabla hajafasiri, wewe ulikuwa tayari umeloa. Ukiulizwa unalia nini ulisema, "Sijui, yananiingia tu." Akifika kwenye Kiswahili, ulikuwa umeshafuta macho na unatafuta kandambili zako.

Kisha kikaja kisomo cha watu wazima. Serikali ilitaka kila mtu ajue kusoma, nami nikiwa mwalimu kijana nikapewa darasa la jioni, akina mama watupu, na wewe ukiwa mstari wa mbele ukinisahihisha nilivyoshika chaki. Mlisoma kitabu cha kilimo bora cha tumbaku mpaka mkakichukia. Ulipofaulu, uliniomba kitu kimoja. "Nitafutie ile Qur'ani ya Kiswahili. Nataka nijue yanayoniliza."

Nilikutafutia. Uliisoma barazani, kidole chini ya kila neno, siku nyingi, na uso wako ukawa unapungua furaha kadiri kurasa zilivyokuwa zinaongezeka. Siku ile Bi Zena alikuwa amekaa pembeni, akisubiri shanga za bintiye. Bi Zena ndiye aliyekuwa mkubwa wa akina mama wa darsa, na akikohoa yeye, pazia zima linakohoa. Uliinua kichwa ukaniambia, kwa sauti ya mtu aliyeuziwa kitu kisichokuwa chenyewe:

"Saidi, hivi haya ndiyo yale? Mbona kama taarifa ya balozi wa nyumba kumi? Maneno haya hata mimi ningeweza kuyasema."

Bi Zena aliinuka. Hakuchukua hata shanga.

Mpaka alasiri habari ilikuwa imeshafika kila ua: mama Saidi anasema anaweza kutunga Qur'ani. Na hiyo, mama, ndiyo kauli ile ile ya wapinzani wa Mtume, kwamba wangetaka wangesema mfano wake. Hukujua. Ulikuwa umeingia kwenye ugomvi wa zamani sana ukidhani unazungumza na mwanao.

Hawakukutukana. Ingekuwa heri. Walikuacha tu. Maulidi yakapita bila kualikwa. Kukatokea msiba nyumba ya pili, ukaenda kama kawaida umejifunga khanga kiunoni, na hakuna aliyekupa kazi. Wenzako wanachambua mchele, wanakoroga, wanachota maji, wewe umekaa na mikono yako mapajani kama mgeni wa serikali. Ulirudi nyumbani mchana ule ukaniambia, "Leo nimeona hata msibani mtu anaweza kukosa nafasi." Sijawahi kukuona mdogo namna ile.

Bi Zena alituma neno kwamba darsani hutarudi mpaka utubu mbele ya Maalim. Ukanijibu mimi badala yake: "Uongo nitautubu. Hili nililoliona kwa macho yangu nitalitubu vipi?" Ulitaka kurudi nyuma ya pazia lile kuliko kitu chochote, na hukutaka kurudi kwa kudanganya. Nikawa sili vizuri.

Siku ya kuhukumiwa, maana ndivyo walivyoiona, Maalim Hamadi alimaliza kusoma, akaagiza pazia lifunguliwe kidogo ili sauti yako isikike. Alikuwa mzee wa maneno machache, fundi wa kushona kanzu, aliyesoma kwa baba yake na kwa masheikh wa pwani. Akauliza, "Mama Saidi, umesema nini?" Ukarudia neno kwa neno. Nilisikia akina mama wanavuta pumzi.

Akauliza tena, "Ulikuwa unasoma lugha gani?"

"Kiswahili."

"Basi ulikuwa unasoma maneno ya mfasiri, na mfasiri ni mtu kama sisi. Ukisema unaweza kusema kama mtu, umekufuru nini? Tafsiri si Qur'ani. Hatuisomi ndani ya sala. Inatupa maana, na maana tunaihitaji sana, ila changamoto ya kuleta mfano wake haikuwekwa kwenye maana peke yake. Mama huyu amesema kweli, tena ndiyo kweli tunayoifundisha."

Bi Zena akasema kutoka nyuma, "Maalim, lakini alivyosema!"

"Alivyosema ni kama asemavyo mtu aliyetafuta kitu asikione. Sasa tumwonyeshe."

Hapo ndipo akaanza, na mimi niliyekuja kukutetea nikajikuta nimesahau hoja zangu zote. Alisema Waarabu wa wakati ule walikuwa hawana majumba wala mashine, ila usemi ulikuwa soko lao na fahari yao. Wakaambiwa walete mfano wa Kitabu hiki. Kisha wakapunguziwa, walete sura kumi. Kisha wakapunguziwa tena, sura moja tu, na sura fupi kabisa ni aya tatu. "Watu hawa walichagua upanga," akasema. "Walipoteza watoto wao na mali zao vitani, na kumbe mistari mitatu ingemaliza ugomvi. Mtu haachi njia nyepesi akashika nzito ila kama ile nyepesi imemshinda. Kunyamaza kwao ndio ushahidi wetu wa kwanza."

"Imewashinda nini?" ukauliza. "Maneno si yao?"

Mama, natamani ungeuona uso wake. Alifurahi kama mtu aliyeulizwa habari za mwanawe. Akaomba shanga ulizokuwa nazo kwenye kikopo, akazimwaga kwenye mkeka.

"Hizi umenunua duka gani?"

"Duka lile lile wanalonunua wote."

"Na mkufu wako unajulikana Tabora nzima. Kwa nini?"

"Kwa kupangwa."

"Basi. Maneno ya Qur'ani ni yale yale ya sokoni kwao. Hakuna neno moja peke yake unaloweza kusema hili ndilo la miujiza. Wala si vina, maana vina hata waganga wao walikuwa navyo. Wanazuoni wa ufundi wa usemi wakaita siri hiyo nadhmu, na kwa Kiarabu asili yake ni kutunga shanga uzini. Neno lipi litangulie, lipi lichelewe, lipi lidondoshwe lisitajwe, lipi liunganishwe na lipi liachwe peke yake, kila moja kwa ajili ya maana inayotakiwa. Ukigusa moja, yote yanalegea."

Akatoa mfano wa nabii mzee anayemwomba Mola mtoto, akilalamika uzee wake. Mtu mwingine angesema mvi zimewaka kichwani. Yeye hakusema hivyo. Kuwaka kukapewa kichwa chenyewe: kichwa kimewaka mvi. "Ukisema moto umewaka nyumbani," Maalim akasema, "huenda ni jikoni tu, tutauzima. Ukisema nyumba imewaka moto, hapakubaki pembe. Mvi ni zile zile, moto ni ule ule. Kilichobadilika ni nani aliyepewa kitendo, na nani aliyewekwa nyuma aje kueleza." Kwenye upenyo wa pazia nilikuona ukiingiza kidole chini ya mtandio, ukagusa nywele zako, ukatabasamu kwa mara ya kwanza tangu msiba ule.

Lakini wewe hukuwa mtu wa kuridhishwa na pipi moja. Ukasema, "Hiyo umeweza kunieleza kwa Kiswahili, nimeiona. Hayo mengine mengi yasiyovuka, nani ameyaona?"

Akasema, "Wenye lugha waliofikia kilele chake. Hao wanaonja wenyewe. Wengine wote, Mwarabu asiye fundi na sisi tusio Waarabu, tunajua kwa njia nyingine: tunaona kwamba mafundi wenyewe walishindwa, tukajua kwamba hakuna wa kuweza."

"Kwa hiyo mimi naamini kwa kinywa cha watu."

Maalim akaanza kurudisha shanga kikoponi. Kisha akasema, "Ndiyo. Na mimi, kwa sehemu kubwa, ni hivyo hivyo."

Ulirudishwa siku ile ile. Bi Zena alikusogezea nafasi kwenye mkeka, na kesho yake akaja kuchukua shanga za bintiye kana kwamba alizisahau tu. Nilidhani mambo yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Darsa lililofuata nilisikiliza kutoka upande wa wanaume na sikusikia kwikwi yako, wala lililofuata, wala lile la mwezi wa Shaabani. Nilipokuuliza ukasema, "Zamani nililia kama mjinga. Sasa nakaa kimya kama mjinga anayejijua. Wenzangu wanaona nimerudi, Saidi, lakini mimi najiona nimekaa mlangoni nasikia harufu ya pilau ya watu."

Wewe ndiye uliyepata dawa. "Nenda kwa Maalim," ukasema. "Soma mpaka uonje. Kisha uje uniambie mimi. Kinywa chako angalau nakijua, nimekilisha mwenyewe."

Basi nikasoma. Nikitoka shuleni nakwenda kwenye baraza lake la ushonaji, cherehani inalia, mimi na sarufi yangu chini ya miguu yake. Miaka ile watu walihamishiwa vijiji vya ujamaa, wengine wakipita mjini na magodoro vichwani, na mimi nikahamia ndani ya vitenzi vya Kiarabu. Sarufi iliponiacha hai, tukaingia balagha, elimu ya ufundi wa usemi. Na kila jioni, kabla hujaniwekea ugali, ulikuwa na swali lako moja: "Umeonja?"

"Bado, mama."

"Kula basi."

Tulikuwa na raha yetu hata hivyo. Unakumbuka siku uliyoniambia, ukiwa unakata uzi kwa meno, "Labda Mungu aliwafunga midomo tu. Labda wangeweza, akawazuia"? Nilimpelekea Maalim nikidhani nakupeleka kwenye matatizo mengine. Alicheka mpaka sindano ikamwanguka. Akasema umejisomea peke yako barazani mpaka ukafika kwenye rai ya baadhi ya wanazuoni wa kale, walioiita sarfa, kugeuzwa. Akanipa jibu nikuletee: kama wangezuiwa tu, ajabu ingekuwa kwenye midomo iliyofungwa, na wao wangeshangaa ububu wao, wala wasingeshangaa maneno. Historia inasema walishangaa maneno. Pili, yale waliyoyasema kabla ya kuzuiwa yangekuwepo, na yangekuwa yanalingana na Qur'ani. Wangeyatoa sandukuni wakasema haya hapa. Hawakuwa nayo. Ulisikiliza, ukatikisa kichwa polepole, ukasema, "Amenishinda huyo mzee. Mwambie nimekubali, lakini si kwa kuogopa."

Na yule mwongo aliyejitia utume, akajaribu kuigiza kwa kumsifu chura, nusu yake majini na nusu yake matopeni? Nilipokueleza kwamba aliiba mlio tu, viapo na vina, akaacha ufundi wote nyuma, ulicheka mpaka ukashika mbavu. Ukasema ni kama yule binti wa jirani aliyenunua rangi zile zile za shanga zako akatunga kitu kinachofanana na kamba ya mbuzi. Kwa wiki nzima nikichelewa kurudi uliniuliza, "Chura hajambo?"

Kisha ukaugua. Siandiki habari za ugonjwa, unazijua kuliko mimi. Mara ya mwisho uliponiuliza ulishindwa kumaliza neno, nikalimaliza mimi, na nikajibu vile vile, bado. Uliniambia nile.

Maalim naye alifariki, na vitabu vyake vikabaki kwangu. Ndani ya kimoja, nikiwa peke yangu na chai isiyo na sukari, nikakuta mwanazuoni wa zamani sana anaorodhesha sababu za watu kushindwa na Kitabu hiki, halafu anasema kuna upande mmoja ambao wengi wameupita bila kuuona: kazi yake ndani ya mioyo. Kwamba hakuna usemi mwingine, wa vina wala wa kawaida, ukigonga sikio unaingia moyoni kwa utamu na kwa hofu namna ile, hata adui aliyekuja na nia mbaya anageuka akiwa njiani. Na hilo nalo alilihesabu kuwa ushahidi.

Nilifunga kitabu nikalia kwa hasira, mama. Kumbe hukuwa mlangoni. Kilio ulichokionea haya ukakiacha, wanazuoni walikuwa wamekiandika miaka mingi kabla babu yako hajabeba pembe. Niliinuka kabisa nikaelekea chumbani kwako kukuambia, nikafika na chumba kina magunia ya jirani niliyemkubalia ayaweke.

Sasa nifike kwenye Ramadhani hii. Walinitaka mimi nishike darsa, kwa kuwa hakuna mwingine. Nikafika kwenye kisa cha gharika, pale mwisho wake. Nilikuwa nimeshaieleza aya ile darasani kwangu kama hesabu: ardhi inaitwa kama anavyoitwa mtumishi, inaamrishwa imeze maji, na maji yanaitwa maji yake, si maji tu. Mbingu nayo inapewa amri yake peke yake, ile inayoifaa. Halafu maji yakadidimizwa, na aliyeyadidimiza hatajwi, maana nani mwingine? Jambo likapitishwa. Jahazi, bila hata lenyewe kutajwa, likatulia juu ya mlima. "Ikasemwa" mwanzoni, "ikasemwa" mwishoni, na kati yake dunia nzima imezama na kukauka. Yote hayo niliyajua.

Ila alasiri ile niliisoma kwa sauti, Kiarabu chake, na sikuhesabu kitu. Ilinijia yote kwa pamoja. Sina namna nyingine ya kusema. Nikafungua kinywa nifasiri, nikayaona maneno yangu ya Kiswahili yamejipanga, yote sahihi, na hakuna hata moja lililobeba kile nilichokisikia. Nikanyamaza. Nilinyamaza mpaka watu wakaanza kutazamana.

Nyuma ya pazia nikasikia sauti ya Bi Zena, kizee sasa, "Mwacheni apumzike. Saumu imemshika."

Wakanihurumia. Kijana mmoja akamalizia kusoma tafsiri, watu wakatawanyika. Sikumsahihisha mtu. Ningewaambia nini? Aliyekuwa na swali hilo ni mmoja tu katika Tabora nzima, na hata angekuwepo pale nyuma ya pazia, ningemwambia nimeonja na bado ningekuwa nimemwomba aamini kwa kinywa changu.

Magharibi Bi Zena alimtuma mjukuu wake aniletee uji wa futari, mzito, wenye pilipili manga, kama ulivyokuwa ukipenda. Nilifuturu peke yangu uani. Nilikula wote, mama, kwa sababu najua ungeniambia nile, na jibu la swali lako limebaki hapa nami, halina pa kwenda.

Lala salama.

Mwanao uliyemtuma kuonja,
Saidi